Mgao wa hisa ukirudishwa sokoni: hisa 4,000 baada ya miaka ishirini

*Mimi ni mkazi wa Kakamega, nina miaka 38. Nina hisa 4,000 za kampuni moja kwenye soko la Nairobi. Mgao ukiingia kwa M-Pesa, kama elfu tano na kitu, unaisha kabla ya wiki. Shemeji yangu wa Nakuru ananisukuma ninunue hisa zingine kila ukija. Pesa kidogo hivi zitabadilisha nini kwa miaka ishirini? Na kuna namna ya kufanya zijinunue bila mimi kusumbuka?*

Dada, shemeji yako ana hoja, ila kuna mahali anapaswa kuwekewa breki. Nitakuonyesha hesabu kwanza, maana wengi husikia habari ya faida kuzaa faida na kuishia kwenye zile chati zinazopaa, bila kuona hisa zenyewe zinavyoongezeka moja moja.

Hujataja kampuni wala bei, kwa hiyo nitaweka za mfano zinazokaribiana na mgao wako: hisa moja inauzwa shilingi 25 na inalipa mgao wa shilingi 1.50 kwa mwaka. Hisa 4,000 zina thamani ya 100,000 na zinatoa mgao wa 6,000. Kabla hujaupokea, kampuni inakata kodi ya zuio ya asilimia 5, ambayo kwa mkazi wa Kenya ndiyo kodi ya mwisho kwa mgao huo. Unabaki na 5,700. Ukienda kununua hisa, broka pamoja na ada za soko watachukua takriban asilimia 2, kwa hiyo hisa ya shilingi 25 inakugharimu kama 25.50. Gawanya 5,700 kwa 25.50 upate hisa 223, na shilingi 13.50 zinabaki.

Mwaka wa pili unalipwa kwa hisa 4,223. Baada ya kodi unapata karibu 6,018, unajumlisha na zile 13.50 za mwaka jana, unanunua hisa 236. Sasa una 4,459. Angalia hapo: bei haikusogea, mgao kwa kila hisa haukuongezwa hata senti, wala wewe hukutoa shilingi mfukoni, lakini ununuzi wa mwaka wa pili umeupita wa kwanza kwa hisa 13. Hizo 13 zimeletwa na zile 223.

Ukitaka kuweka namba zako halisi, hesabu ya kila mwaka ni hii:

```
hisa mpya = hisa ulizonazo × mgao × 0.95 ÷ (bei × 1.02)
```

Kwa mfano wetu hisa zinaongezeka kwa karibu asilimia 5.6 kila mwaka. Baada ya miaka kumi una kama 6,890. Baada ya ishirini una kama 11,860. Miaka kumi ya kwanza imekuongezea hisa 2,890 hivi, na kumi ya pili karibu 4,970. Ndiyo maana wengi huacha njiani. Ukiwa mwaka wa nne au wa tano bado unaona vijihisa mia mbili na kitu kwa mwaka, na ada ya shule iko mlangoni, ni rahisi kuamua kwamba jambo hili halina maana. Mwaka wa ishirini peke yake unaleta hisa 620 na kitu.

Hapa ndipo shemeji yako anahitaji breki. Watu hulinganisha hisa 11,860 na 4,000 wakasema umepata mara tatu kwa kurudisha mgao tu. Si sawa, kwa sababu yule aliyekuwa akiutumia hakuutupa. Kwa miaka ishirini amekula 5,700 mara ishirini, yaani 114,000, na hisa zake za 100,000 bado anazo. Jumla yake ni 214,000. Wewe uliyenunua hisa una 296,500 kwa bei ile ile ya 25. Tofauti halisi ni shilingi 82,500 hivi, na hiyo ndiyo faida iliyozaliwa na faida. Ni pesa nzuri, lakini si ile ya kutangaziwa kwa kipaza sauti. Kikubwa zaidi, kwa mtu wa umri wako, ni mgao wenyewe: yeye mwaka wa ishirini na moja bado anapokea 5,700, wewe unapokea karibu 16,900 kila mwaka bila kuuza hisa hata moja.

Nimeacha mgao ukiwa 1.50 miaka yote makusudi, ili uone kazi ya kununua hisa peke yake. Katika maisha halisi shilingi 1.50 ya leo haitanunua kitu kile kile miaka ishirini ijayo, na kampuni nzuri huongeza mgao wake polepole. Ikiongeza, ongezeko hilo linalipwa kwa hisa zote 11,860, si kwa zile 4,000 tu.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote, kwa kuwa ndilo linalowachanganya watu hata walio na hisa kwa miaka mingi. Anayerudisha mgao sokoni ni mnunuzi wa kila mwaka, na mnunuzi anafaidika bei ikiwa chini. Hebu turudi kwenye mfano. Umefika hisa 4,459 mwishoni mwa mwaka wa pili, halafu soko linaanguka na bei inashuka hadi 12.50 kwa miaka mitano. Majirani wanakuhurumia. Lakini kampuni bado inauza bidhaa zake, inapata faida, na inalipa mgao ule ule wa 1.50. Mwaka wa kwanza wa anguko hilo mgao wako wa 6,354 baada ya kodi unanunua hisa 498, ambapo kwa bei ya 25 ungenunua 249. Kwa miaka mitano hisa zako zinakua kwa zaidi ya asilimia 11 kila mwaka, na unafika kama 7,570. Bei ikirudi 25 na kukaa hapo miaka kumi na mitatu iliyobaki, unamaliza na hisa kama 15,350.

Yaani bei ilianza 25 na ikamaliza 25, katikati ikaanguka kwa nusu, na wewe umetoka na hisa 3,500 zaidi ya ambazo ungepata kama isingeanguka kamwe. Aliyekuwa akitumia mgao wake hakupata chochote cha ziada kutokana na anguko la miaka ile mitano, isipokuwa wasiwasi.

Si habari ya kwenye karatasi tu. Hisa ya Safaricom mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni ilitoa mgao wa 1.37 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 alibaki na kama 1,301 baada ya kodi, na kwa bei ya 40 angenunua hisa 31. Kufikia mwisho wa 2023 bei ilikuwa imeshuka chini ya 15, na mgao wa mwaka ulikuwa umepungua hadi 1.20. Mwenye hisa zile zile 1,000 alibaki na 1,140, lakini kwa bei ya 14 angenunua hisa 79. Mgao umepungua, hisa zilizonunuliwa ni zaidi ya maradufu. Kinyume chake pia ni kweli: bei ikipaa na mgao ubaki palepale, kila mgao unakuletea hisa chache, ingawa thamani kwenye akaunti inakufanya utabasamu.

Ila hesabu hiyo yote imesimama juu ya sharti moja: bei imeshuka huku biashara ikiwa bado nzima. Watu wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kufundishwa upande wa pili. Mumias Sugar iliingia soko la hisa mwaka 2001, na wakulima wengi wa miwa hapo kwenu walikuwa na hisa zake. Ililipa mgao kwa miaka kadhaa, baada ya mwaka wa fedha wa 2012 mgao ukakauka, hasara zikafuatana, Septemba 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa. Aliyechukua kila mgao wa Mumias akanunua Mumias alikuwa na hisa nyingi kuliko jirani yake, na zote hazikuuzika. Jirani aliyenunulia mabati mgao wake angalau ana mabati.

Utajuaje kama bei inayoshuka ni nafuu kwako au ni onyo? Kuna namba mbili kwenye matokeo ya mwaka ya kampuni, zinachapishwa magazetini na kwenye tovuti yao, nazo hukaa karibu karibu: pato kwa kila hisa na mgao kwa kila hisa. Kampuni ikipata shilingi 2.50 kwa hisa na kulipa 1.50, mgao una nafasi ya kupumua. Ikipata 1.60 na kulipa 1.50, mwaka mbaya mmoja unatosha kuukata. Ikipata 1.10 na kulipa 1.50, pesa hizo zinatoka kwenye akiba au kwenye mkopo, na mimi hapo nisingenunua hisa hata moja zaidi, hata bei iwe tamu namna gani. Kisha tazama fedha taslimu zilizotokana na shughuli za biashara. Kampuni inaweza kuandika faida ilhali wateja hawajalipa. Faida ikipanda mwaka hadi mwaka na fedha taslimu zikipungua, kuna kitu.

Hata kampuni imara huwa na mwaka wa kutolipa. KCB haikutoa mgao kwa mwaka wa 2023, kisha kwa mwaka wa 2024 ikalipa shilingi 3 kwa hisa. Mwaka mmoja wa namna hiyo hauharibu mpango wa miaka ishirini. Unauchelewesha tu, nao hukupa sababu ya kusoma ripoti yao kwa makini.

Kwa sababu hiyo, kurudisha mgao sokoni hakukulazimishi kununua kampuni ile ile. Nguvu ya hesabu niliyokuonyesha iko kwenye pesa kurudi kazini, si kwenye jina la kampuni. Wewe una kampuni moja tu. Ningekuwa wewe, migao ya miaka mitatu au minne ya kwanza ningenunulia kampuni ya pili isiyohusiana na ya kwanza. Kama uliyonayo ni benki, ya pili isiwe benki. Baadaye unaweza kupeleka kila mgao kwa ile ambayo wakati huo bei yake ni nafuu ukilinganisha na inacholipa.

Sasa swali lako la kujinunua zenyewe. Katika baadhi ya nchi mwanahisa hujaza fomu mara moja na mgao wake hugeuka hisa milele, hata vipande vya hisa. Kwenye soko letu kawaida ni kulipwa taslimu, na kununua ni juu yako. Mara moja moja kampuni huwapa wanahisa hiari ya kuchukua hisa mpya badala ya fedha. Barua ya namna hiyo ikija, tazama bei wanayotumia kugeuza mgao kuwa hisa. Ikiwa chini ya bei ya sokoni, kwa mtu mwenye mpango kama wako huwa ni heri kuchukua hisa, maana hulipi komisheni ya broka, na asiyechukua anabaki na kipande kidogo zaidi cha kampuni kwa vile hisa za wengine zimeongezeka.

Njia nyingine isiyo na usumbufu ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaonunua hisa. Humo migao hurudishwa na meneja bila wewe kugusa, lakini analipwa ada kila mwaka kwa jumla ya mali yako, si kwa mgao peke yake. Kwa mtu mwenye kampuni moja au mbili na dakika ishirini kwa mwaka, naona kununua mwenyewe ni nafuu zaidi.

Hizo dakika ishirini utazitumia hivi. Kwanza hakikisha msajili wa hisa wa kampuni ana namba yako sahihi ya simu au akaunti ya benki. Watu hubadilisha laini na kusahau, migao inarudi, na isipodaiwa kwa muda mrefu huishia kwa mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, UFAA. Kuirudisha kunawezekana, ila fomu zake zinataka subira. Pili, hamisha mgao siku ile ile unapoingia. Usiuache M-Pesa ulale pale; nawe umekiri kinachotokea. Upeleke kwenye akaunti yako ya broka, ambayo imeunganishwa na akaunti yako ya CDS ambamo hisa zinaandikwa.

Tatu, weka oda yenye kikomo cha bei, yaani unasema sitalipa zaidi ya 25.20 kwa mfano, badala ya kukubali bei yoyote. Hisa zinazouzwa kwa wingi kila siku hazina shida, lakini kuna kampuni kwenye soko letu ambazo siku nzima zinauzwa hisa mia tatu tu, na ukinunua bila kikomo unaweza kujikuta umelipa shilingi mbili zaidi kwa kila hisa. Hiyo ni hasara kubwa kuliko komisheni yote. Nne, andika kwenye daftari tarehe, hisa ulizonunua, bei, na jumla mpya. Mwaka ujao mgao ukiingia, zidisha jumla hiyo kwa mgao uliotangazwa na kwa 0.95. Isipolingana na ulichopokea, kuna hisa hazikuingia kwenye daftari la wanahisa kwa wakati, na ni haki yako kuuliza.

Kuhusu wakati, usihangaike kununua mbio kabla ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, yaani siku ambayo kampuni hutazama nani anastahili kulipwa, ili kuwahi mgao. Muamala wa hisa huchukua siku tatu za kazi kukamilika, na bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kama cha mgao daftari likikaribia kufungwa, kwa hiyo mgao ulioukimbilia umeulipia kwenye bei. Zaidi ya hayo utakatwa kodi juu yake.

Komisheni ya asilimia 2 si adui mkubwa: kwa miaka ishirini ya mfano wetu imekula kama hisa 260. Adui ni kiwango cha chini. Broka wengine hutoza, tuseme, shilingi 100 hata oda iwe ndogo kiasi gani. Kwa mgao wako wa 5,700 hiyo haikuumizi, maana asilimia 2 tayari ni 114. Lakini kwa mgao wa shilingi 800 umelipa asilimia 12.5, na hapo ni afadhali kusubiri migao miwili mitatu ikusanyike ndipo ununue. Muulize broka wako swali hilo moja kwa moja kabla ya kuanza. Habari njema ni kwamba tangu Agosti 2025 soko la Nairobi linaruhusu kununua hata hisa moja. Zamani fungu lilikuwa hisa 100, na zile 23 zinazozidi 200 katika mfano wetu ungezitafutia muuzaji pembeni, wakati mwingine kwa bei isiyopendeza.

Na kama mgao mzima hauwezekani kwa sababu ya ada za shule, rudisha nusu. Ila ujue nusu haileti nusu. Kwa mfano ule ule, nusu ya mgao kila mwaka inakufikisha hisa kama 6,940 baada ya miaka ishirini. Umeongeza 2,940, wakati mgao mzima ungekuongezea karibu 7,860. Ukiweza, anza na mgao wote miaka hii ya mwanzo kabla mtoto hajafika sekondari, kisha punguza hadi nusu ada zikipanda. Hisa zilizonunuliwa mapema ndizo zenye miaka mingi zaidi ya kulipwa mgao, na ukifika 58 utakachobadilisha ni kuacha kuweka oda tu. Mgao utaendelea kuingia kwa simu yako kama sasa, na siku hiyo uutumie wote kwa mahitaji yako ukipenda.